Kitambaa cha kijani kinaacha mabaka na nywele zinaliwa: shida ni satini na taa moja

*"Habari fundi. Nafundisha wageni Kiswahili kwa Zoom nikiwa nyumbani Nkuhungu, mara nyingi kuanzia saa moja usiku. Chumba ni kama mita tatu kwa tatu. Nilinunua satini ya kijani mita mbili nikaipigilia ukutani nyuma ya kiti, mbele nina ringilaiti, juu kuna balbu moja. Bakigraundi inaacha mabaka, pembeni ya mabega kunachezacheza na rasta zangu zinaliwa au zinakua na kijani. Ninunue kamera nzuri zaidi au niongeze taa?"*

Dada, kamera iache kwanza, hela yake usiitoe. Na taa pia usikimbilie kuongeza, maana ukiongeza mwanga juu ya hiyo satini mabaka yatazidi, hayatapungua. Hapo kuna vitu vitatu vya kubadilisha na vyote ni bei rahisi kuliko kamera: aina ya kitambaa, umbali wa kiti chako toka kwenye kitambaa, na taa za kitambaa zitenganishwe na taa ya uso wako. Nitaeleza kwanini ili hata ukihamia chumba kingine ujue pa kugusa.

Watu wengi wanadhani programu ya video kama Zoom inaona "kitambaa" alafu inakitoa na kuweka picha uliyoichagua. Haioni kitambaa. Inachofanya ni kuchukua rangi moja uliyoichagua, alafu inapita kwenye kila nukta ya picha kuuliza hii nukta iko karibu kiasi gani na ile rangi, ikiwa karibu inaitoa, ikiwa mbali inaiacha. Bas. Kwa hiyo ili kazi iwe safi, nukta zote za kitambaa zinatakiwa zifanane sana, na nukta zako wewe ziwe mbali nazo. Kijani kinapendwa kwa sababu ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii au nyeupe ya hao wanafunzi wako, rangi yake inaelemea nyekundu na njano, na kijani kikali kiko mbali na hapo. Sababu ya pili iko ndani ya kamera: sensa za kamera nyingi kwenye kila kikundi cha vijicho vinne, viwili vinasoma kijani, kimoja nyekundu na kimoja bluu, kwa hiyo kijani ndo kinachosomwa kwa usafi zaidi.

Sasa angalia satini inafanya nini. Satini inang'aa, na kitu kinachong'aa hakirudishi rangi yake tu, kinarudisha na rangi ya taa yenyewe. Pale mkunjo ulipoelekea ringilaiti yako kamera haioni kijani, inaona mstari mweupe. Upande wa pili wa huo huo mkunjo kuna kivuli, kamera inaona kijani cheusi cheusi. Kwa hiyo wewe unadhani umeweka rangi moja, kumbe umeiwekea programu rangi tatu: nyeupe, kijani na karibu nyeusi. Yale mabaka yanayobaki ndo hizo nyeupe na nyeusi. Alafu ili ziishe unalazimika kuiambia programu ilegeze masharti, itoe na rangi zilizo mbali kidogo na kijani, na ikishalegeza inaanza kula na vitu vyako, na cha kwanza kuliwa ni ncha za rasta kwa sababu pale nywele na kitambaa zimechanganyika ndani ya nukta moja.

Kwa hiyo kitambaa kwanza. Unachotafuta ni kitu kisichong'aa kabisa, kizito kiasi, rangi moja isiyo na maua wala mistari. Pamba ndo rafiki yako. Ukienda Majengo sokoni au kwenye maduka ya vitambaa pale mjini usiombe kitambaa cha green screen, watakupa chochote cha kijani. Omba pamba nzito ya rangi moja, au kitambaa cha mashuka, hicho kina uzuri wa ziada maana mara nyingi kinakuja kipana. Teteroni iangalie vizuri kabla, nyingine inametameta. Ya jezi vilevile, inajivuta vizuri na haikunjamani lakini nyingi zina mng'ao. Velveti isiyong'aa ni nzuri sana ila inanasa vumbi, na kwa vumbi la Dodoma kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zianze utapata kazi ya kuipiga brashi kila wiki.

Jinsi ya kukijua ukiwa dukani: omba ukitoe mpaka mlangoni kwenye jua, kivike kwenye ngumi yako kikazike, alafu zungusha mkono taratibu. Ukiona mstari mweupe unatembea juu ya vifundo vya vidole kila ukizungusha, kiache. Ukiona kijani kinabaki kijani, kinafifia tu na kukolea, hicho ndo chenyewe. Alafu kiinue kati yako na jua uone kama kinapitisha mwanga sana. Chepesi kinachoonyesha vidole vyako upande wa pili kitaonyesha na rangi ya ukuta wako, na kama ukuta una mabaka au una swichi utaviona vyote kwenye kamera. Kama umepata chepesi tu, weka shuka jeupe nyuma yake, inasaidia kweli.

Rangi yenyewe iwe kijani kibichi kilichochangamka. Kile cheusi kama cha chupa ya bia hakifai, kinahitaji mwanga mwingi sana ndo kamera ikione kua kijani, na ukikosa huo mwanga kamera inajiongezea nguvu yenyewe, na kamera ikijiongezea nguvu picha inajaa chembechembe. Hizo chembe zinabadilika kila fremu. Kule kuchezacheza pembeni ya mabega kwako kunatoka hapo: nukta ya ukingo fremu hii inaonekana kijani inatolewa, fremu inayofuata inaonekana ya kijivu inabaki, mara thelathini kwa sekunde. Kwa hiyo huo mchezo ni wa giza, na kamera ya bei mbaya ukiiweka kwenye giza hilo hilo nayo itacheza, labda kidogo tu.

Sasa ukubwa, maana hapa watu wanapoteza hela. Kwa kamera nyingi za laptopu upana unaoonekana kwenye picha unazidi kidogo umbali wenyewe. Yaani kitu kikiwa mita mbili toka kwenye kamera, kamera inaona kama mita 2.3 kwa upana na kama mita 1.3 kwa urefu. Kwenye chumba chako mi ningepanga hivi: kitambaa ukutani, uso wako mita 1.3 mbele yake, kamera sentimita 70 mbele ya uso. Jumla mita mbili, inabaki mita moja ya meza na ya kupita. Sasa badala ya kununua vipande viwili na kuviunga, ambapo ule mshono utakutolea mstari wa kivuli katikati, nunua mita tatu za kitambaa chenye upana wa mita 1.5 alafu kitundike kwa ubavu. Ule urefu wa mita tatu ndo unakua upana wa ukuta, na ule upana wa mita 1.5 unatosha kwenda juu kwa sababu unafundisha umekaa. Kama kamera iko usawa wa macho yako, ukingo wa juu wa kitambaa uwe kama mita 1.9 toka sakafuni. Usipigilie misumari kila mahali, kila msumari unavuta mkunjo wake. Shona pindo juu upitishe fito au bomba la plastiki, na chini pia uweke fito nyingine kwa ajili ya uzito, pembeni ubane na vibanio vya nguo ukivuta. Pasi ya mvuke kabla hujakitundika, na ukimaliza kazi kiviringe kwenye hiyo fito, usikikunje kama shuka la kabatini.

Hiyo mita 1.3 nimeing'ang'ania kwa sababu maalumu. Sasa hivi kiti chako kimeegemea kitambaa, na kitambaa cha kijani kikipigwa mwanga kinageuka taa ya kijani. Huo mwanga unaruka unakuja kwenye mabega, shingo na rasta zako kwa nyuma, na programu ikikuta nywele zina kijani inazihesabu ni kitambaa. Ukisogea mbele ule mwanga unaokufikia unapungua haraka sana. Ingekua chumba kikubwa ningesema mita mbili, kwa chumba chako 1.3 inatosha, chini ya mita moja sishauri. Faida ya pili ni kivuli: ukiwa umeegemea, ringilaiti ya mbele inakutupia kivuli cha kichwa hapo hapo nyuma ya masikio, na kile kivuli ndo kinakufanya uonekane umezungukwa na mstari mchafu.

Kwenye taa kuna wazo moja la kushika: kitambaa kina taa zake, wewe una yako. Balbu ya juu inaangaza sehemu ya juu ya kitambaa na kuacha chini giza, kwa hiyo wakati wa darasa izime. Kwa kitambaa tafuta tyubu mbili za LED za futi nne, zote za kampuni moja na rangi moja (kwenye boksi imeandikwa 4000K au 6500K, yoyote ila zifanane). Zisimamishe wima, moja kulia moja kushoto, karibu na kuta za pembeni, kama sentimita 60 hadi 70 mbele ya kitambaa, hapo zitakua nje ya picha. Usizielekeze kwenye kitambaa cha karibu yake, kila moja ielekee upande wa mwenzake, ya kulia iangalie kushoto na ya kushoto iangalie kulia. Ukifanya hivyo pale moja inapofifia nyingine inajazia na katikati panalingana na pembeni. Upande wa tyubu unaokuangalia wewe weka kipande cha boksi kuzuia, mwanga wake usikufikie mgongoni.

Ringilaiti yako inafaa kwa uso, ila itoe pale mbele katikati. Ipandishe juu kidogo ya kichwa na uisogeze pembeni kama nyuzi 45, hapo kivuli chako kitaangukia chini na pembeni nje ya picha, na kama unavaa miwani ile duara nyeupe kwenye vioo nayo inaondoka. Taa ya uso iwe ya rangi ile ile ya tyubu kadri inavyowezekana.

Ukimaliza kupanga, usiamini macho, macho yanazoea. Piga picha ya kitambaa kwa simu ukiwa hujakaa, simu iwe pale kamera ilipo, alafu kwenye kuhariri picha toa rangi yote ibaki nyeusi na nyeupe na upandishe kontrasti mpaka mwisho. Kitambaa kilichoangazwa vizuri kinabaki kijivu kimoja. Ukiona wingu jeupe katikati na pembe nyeusi, tyubu ziko karibu sana na katikati au zinaangalia sehemu moja. Ukitaka namba, zipo programu za bure za simu za kupima mwanga, zinaandika lux. Weka simu imelala kwenye kitambaa, kioo kikiangalia kamera, pima katikati na pembe nne. Ikisoma 300 katikati na 220 pembeni, sawa, endelea. Ikisoma 300 na 120, rudi kwenye taa. Alafu pima na usoni kwako kioo kikiangalia kamera: uso uwe sawa na kitambaa au uzidi kidogo. Kitambaa kikiuzidi uso kwa mbali kile kijani cha kuruka kinarudi tena, na hata ukiwa umekaa mbali.

Madarasa yako ni usiku kwa hiyo jua halikusumbui, lakini siku ukipata mwanafunzi wa asubuhi funga pazia zito. Jua la huku kwetu likiingia dirishani linaweka kipande cha mwanga kwenye kitambaa ambacho hakuna tyubu itakayoshindana nacho, na kinahama kadri saa zinavyokwenda, umeanza saa tatu kiko pembeni, saa nne kiko nyuma ya kichwa. Na madirisha mengi ya aluminiamu yana vioo vya rangi, bluu au kijani, kwa hiyo mwanga unaopita pale si mweupe tena na unakupaka usoni rangi ambayo hukuitaka.

Kuna kitu kwenye kamera kinawachanganya wengi. Ikiona picha nzima imejaa kijani, kamera ya otomatiki inadhani ni kosa la taa, inajaribu kulisawazisha kwa kuongeza uwaridi, na uso wako unageuka wa waridi. Na ukiinua mkono mwangaza wote wa picha unapanda na kushuka. Vifungie vyote viwili. Kwa Windows njia rahisi ni kupitia programu ya OBS ambayo ni ya bure: weka kamera yako kama Video Capture Device, fungua Properties, bonyeza Configure Video, toa alama ya Auto kwenye White Balance na Exposure alafu uziweke mwenyewe mpaka ngozi ionekane ya kwako. Hapo hapo kama kuna PowerLine Frequency weka 50 Hz, ndo umeme wetu, ukiacha 60 unaweza kuona mistari ya giza inapanda kwenye picha.

Kwa kutoa kijani una njia mbili. Ya kwanza ni Zoom yenyewe: kwenye setingi za bakigraundi kuna kisanduku kimeandikwa "I have a green screen", lazima ukiweke tiki. Usipokiweka, Zoom haitumii kitambaa chako kama kitambaa, inakisia tu umbo la mtu, na kukisia huko ndo kunakula rasta hata ungekua na kitambaa kizuri kuliko vyote. Ukishaweka tiki, bonyeza kile kiboksi cha rangi alafu bonyeza kwenye kitambaa karibu na bega, sio kwenye kona, kwa sababu pale karibu na wewe ndo panatakiwa pawe safi. Kwa kazi yako hii inaweza kutosha, ningeanza nayo.

Ya pili ni OBS, inakupa mkono zaidi. Bonyeza kulia kwenye kamera, Filters, ongeza Chroma Key. Similarity, yaani kiasi cha rangi za karibu na kijani zitakazotolewa, inaanzia 400, ishushe mpaka kitambaa kirudi kuonekana, alafu ipandishe kidogo kidogo na usimame pale tu kinapoisha. Ukiona mpaka uivushe 400 ndo kiishe, usilazimishe, kitambaa hakijaangazwa sawa, rudi kwenye taa. Smoothness inalainisha ukingo, Key Color Spill Reduction inaondoa ule ukijani wa kwenye nywele lakini ukiizidisha ngozi inapoteza uhai. Na uzuri mwingine wa OBS, ukishika Alt na kuvuta ukingo wa picha unakata pembeni, kwa hiyo kitambaa hakihitaji kujaza picha nzima, kinatakiwa kikuzunguke wewe tu na mikono yako inapofika. Ukimaliza ongeza picha yako ya bakigraundi kama Image kwenye Sources, ikae chini ya kamera, alafu bonyeza Start Virtual Camera, na kwenye Zoom uchague OBS Virtual Camera, bakigraundi ya Zoom uizime.

Rasta zenyewe nikwambie ukweli: zile nene zitatoka safi, lakini vile vinywele vidogo vinavyosimama pembeni ya paji havitatoka kamili kwa kamera ya laptopu, kwa sababu kamera hizi zinahifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko zinavyohifadhi mwangaza, na nywele moja ni nyembamba kuliko huo undani. Chagua bakigraundi isiyo nyeupe sana, ya rangi ya kati au ya giza kidogo, makosa ya ukingo hayaonekani. Na nguo, kijani chochote usivae, hata kitenge chenye majani ya kijani utaona matundu kifuani. Kama nguo zako nyingi za kazini ni za kijani, nunua kitambaa cha bluu iliyochangamka badala ya kijani, mpangilio ni ule ule ila utahitaji mwanga zaidi kidogo.

Kama unamiliki nyumba, kupaka ukuta rangi ya maji isiyong'aa ni bora kuliko kitambaa chochote, haina mkunjo. Kama umepanga baki na kitambaa. Na kama darasa lako halihitaji picha maalumu nyuma, ukuta msafi na pazia zuri la rangi moja havina makosa ya ukingo kabisa, na wapo walimu ningewashauri hivyo bila kusita.

Zile tyubu mbili kama huna soketi karibu, usiunge waya kwa kusokota na selotepu nyuma ya kitambaa. Muite fundi umeme akuwekee soketi na swichi moja ya kuwasha zote mbili. Na kama umefanya yote haya, ile picha nyeusi na nyeupe ya simu inatoka kijivu kimoja lakini kwenye Zoom bado panachezacheza, muite mtu wa kamera aje akae na laptopu yako, hapo inawezekana ni kamera imechoka, lenzi ina ukungu wa vumbi, au laptopu inashindwa kuchakata video na inapunguza ubora yenyewe, na hilo lazima mtu alione kwa macho.